Umbo Moja, Majina Mawili

Mtu yeyote aliyelelewa na mama wa Kikenya anajua neno "haya". Ukimpigia simu kumwambia umefika salama, anasema haya. Ukimwomba kwa mara ya nne akuruhusu uende ile sherehe ya kina fulani, anasema haya, na papo hapo unajua ni heri ukae nyumbani. Herufi ni zile zile nne, na sauti pengine ni ile ile. Lakini ukimrekodi akilisema neno hilo peke yake kisha umchezee mgeni, mgeni huyo hawezi kukuambia kama amesikia baraka au onyo. Akiwa na akili atakuuliza: kwani mlikuwa mnaongea nini?

Nimekuwa nikitredi sarafu kwa miaka sita sasa, jioni baada ya kazi, na swali la huyo mgeni ndilo ninalojiuliza kila nikifungua chati. Nalileta hapa kwa sababu kuna picha moja ambayo haiishi kuzunguka kwenye magrupu ya Telegramu. Ni bango lenye mishumaa mingi, kila mmoja na jina lake, kila mmoja na mshale. Hama, mshale juu. Ingalfing nyekundu, mshale chini. Doji, alama ya kuuliza. Kuna watu wameifanya wolpepa ya simu. Sitasema picha hiyo inadanganya. Shida yake ni kwamba mishumaa imechorwa ikielea hewani, bila kitu chochote upande wa kushoto, na upande wa kushoto ndiko maana inakokaa.

Kwa ambaye hajawahi kuona chati, mshumaa ni muhtasari wa kipindi kimoja cha muda. Kinaweza kuwa dakika 15, saa nne au siku nzima. Una namba nne tu: bei ilipofunguliwa, ilipofika juu kabisa, ilipofika chini kabisa, na ilipofungwa. Kati ya kufungua na kufunga tunachora mwili mnene, wa kijani kama bei ilipanda, mwekundu kama ilishuka. Kule bei ilikofika kisha ikarudi tunachora mstari mwembamba, ule utambi. Ni hayo tu. Hama ni mshumaa wenye mwili mdogo juu na utambi mrefu chini, angalau mara mbili ya mwili. Doji ni ule uliofungwa palepale ulipofunguliwa, kwa hiyo hauna mwili wa maana. Ingalfing ni mishumaa miwili, ambapo mwili wa pili ni wa rangi tofauti na umeumeza ule wa kwanza wote.

Mishumaa hii ni ya Wajapani. Hadithi inayopendwa humpa sifa Munehisa Homma, mfanyabiashara wa mchele wa karne ya 18 kutoka mji wa Sakata, ingawa uchoraji wenyewe wa mishumaa huenda ulikuja baada ya enzi yake. Dunia inayosema Kiingereza iliijua sana kupitia kitabu cha Steve Nison cha mwaka 1991. Na kitu ambacho bango la Telegramu limekiacha nje kimo ndani ya majina yenyewe ya Kijapani. Umbo la mwili mdogo juu na utambi mrefu chini waliliita mwavuli. Mwavuli huo ukitokea baada ya bei kushuka, jina lake ni takuri, neno linalobeba picha ya mtu anayepapasa kina cha maji akitafuta sakafu. Ndiyo hiyo hama yetu. Lakini mwavuli uo huo, usiobadilika hata kidogo, ukitokea baada ya bei kupanda, jina lake ni kubitsuri: mtu aliyejinyonga. Umbo moja, majina mawili. Huwezi hata kuutaja mshumaa kwa jina kabla hujatazama ulikotoka.

Sasa, kwa nini iwe hivyo? Si uchawi. Fikiria ni kina nani wako ndani ya soko wakati huo.

Chukua bei ambayo imeshuka siku tatu mfululizo. Walioko ndani wakiwa na faida ni wauzaji. Inafunguliwa saa mpya, wanasukuma tena kama kawaida, bei inaporomoka pipu 15, na wauzaji wapya waliochelewa wanaruka ndani wakiogopa kuachwa na gari. Halafu bei inageuka. Kabla saa haijaisha imerudi karibu na ilipoanzia. Wale waliochelewa sasa wote wako hasarani. Wale wa zamani wanaona faida yao ikianza kuyeyuka na wanataka kufunga. Na ili mtu aliyeuza afunge biashara yake, lazima anunue. Kwa hivyo utambi ule mrefu ni rekodi ya kundi la watu ambao hivi karibuni watalazimika kununua, watake wasitake. Hiyo ndiyo nguvu ya hama.

Sasa lichukue umbo lilo hilo ulihamishe juu, baada ya siku tatu za kupanda. Walioko ndani wakiwa na faida ni wanunuzi. Hakuna wauzaji wengi waliobanwa hapo, kwa sababu wengi wao walishafukuzwa njiani. Kwa hiyo ule ununuzi wa kulazimishwa haupo. Kilichopo ni habari mpya: kwa mara ya kwanza katika safari hii, mtu alipata nguvu ya kuishusha bei pipu 15 ndani ya saa moja. Bei ilirudi, sawa. Lakini walioinunua wakati inarudi wamenunua kileleni, na mshumaa ufuatao ukifungwa chini ya ule mwili mdogo, hao ndio watakaokuwa wamenaswa, na ili watoke lazima wauze. Mambo yamepinduka kabisa na mchoro haujabadilika.

Na ukiuweka katikati ya eneo ambalo bei imekuwa ikizunguka tu, juu kidogo, chini kidogo, tangu jana? Hapo hakuna kundi lililobanwa. Hakuna mtu aliyekuwa anashinda, kwa hiyo hakuna aliyeanza kushindwa. Mshumaa huo ni kelele.

Nitatoa mfano mmoja kwa namba, kwa sababu nilikuwepo. Binamu yangu yuko kampasi kule Juja. Alhamisi moja alikuja kwangu na laptopu, na ndani ya akaunti yake kwa broka kulikuwa na dola 230. Kwa shilingi 129 kwa dola, hiyo ni karibu shilingi 30,000. Nilimuuliza pesa imetoka wapi akasema ni "ya kuzungusha kidogo". Mimi najua shangazi hutuma karo lini, kwa hivyo sikuuliza tena.

"Siz, cheki hii," akaniambia. Alikuwa amefungua EUR/USD kwenye M15. "Hama safi kabisa. Utambi mrefu, mwili kadogo huku juu. Na ni ya kijani. Hapa si ni kununua tu?"

"Imetoka wapi?"

"Aje, imetoka wapi?"

"Kabla ya hiyo hama, bei ilikuwa inafanya nini?"

Akanyamaza kidogo. Chati yake alikuwa ameivuta karibu sana, mishumaa kama 20 tu ndiyo iliyoonekana, minene kama matofali. Nikamwambia aisukume nyuma. Alipofika mishumaa 200, ambayo kwenye M15 ni kama siku mbili, picha ikawa wazi hata bila mimi kusema. Bei ilikuwa ikitembea kati ya sakafu ya 1.0820 na dari ya 1.0880. Ile dari ilikuwa imeguswa jana mchana ikairudisha bei, ikaguswa usiku ikairudisha tena. Sasa bei ilikuwa imepanda kutoka 1.0822 tangu asubuhi, karibu bila kupumzika. Na "hama" yake ilikuwa imefunguliwa 1.0871, ikashuka hadi 1.0861, ikafungwa 1.0873.

Tukapiga hesabu pamoja kwenye karatasi ya nyuma ya risiti. Angenunua kwa 1.0874, kwa sababu spredi ilikuwa pipu moja. Stopu losi ingekaa chini ya utambi, 1.0859, maana utambi ukivunjwa basi hadithi yake imeisha. Hiyo ni pipu 15 za hatari. Juu yake, mpaka dari, palikuwa na pipu 6. Yaani alikuwa anaweka 15 mezani ili apate 6. Mtu anayetredi hivyo lazima ashinde zaidi ya mara 7 katika kila 10 ndiyo arudishe tu pesa yake mwenyewe. Na kwa loti 0.50 aliyotaka kuweka, kila pipu ni dola 5. Pipu 15 ni dola 75, karibu shilingi 9,700. Theluthi ya akaunti, kwa biashara moja, kutafuta dola 30.

"Lakini si inaweza kuvunja hiyo dari?" akauliza.

Swali zuri, na jibu ni ndiyo. Dari huvunjwa kila siku. Lakini hilo si jambo ambalo ile "hama" ilikuwa inalisema. Kama unataka kununua kuvunjwa kwa dari, ngoja mshumaa ufungwe juu ya 1.0880, na biashara hiyo ina sababu zake na stopu yake. Huwezi kuchukua ushahidi wa sakafu ukautumia kwenye dari.

Hakununua. Tukakaa tukitazama, chai ikipoa. Bei ilipanda kwanza, ikafika 1.0877, na akanitazama kwa jicho lile la "si nilikuambia". Kisha mshumaa uliofuata ukafungwa 1.0866, chini ya mwili wa ule wa kwanza. Hapo ndipo lile umbo lilipopata jina lake la pili. Kufikia saa nne usiku bei ilikuwa 1.0842. Ingeweza kwenda kinyume, na bado ile hesabu ya 15 kwa 6 ingebaki mbaya vilevile. Hilo ndilo nililotaka aondoke nalo. Nafikiri aliondoka nalo, maana siku ya pili alinitumia ujumbe kwamba amelipa karo.

Ingalfing nayo ina mtego wake, na ni tofauti. Mwili wa pili unaumeza wa kwanza, kwa hiyo lazima uwe mkubwa. Ukubwa huo ndio unaovutia macho, na ndio unaogharimu. Ndani ya eneo la kuzunguka kama lile la binamu yangu, lenye upana wa pipu 60, mshumaa mmoja wa kijani wa pipu 35 ukishafungwa umekupeleka karibu na dari tayari. Unaponunua, unanunua palepale watu wengine wanapouza. Stopu yako iko mbali, chini ya mshumaa wote mkubwa, na nafasi iliyobaki juu ni finyu. Ishara inaonekana kali zaidi kadiri bei inavyokuwa mbaya zaidi. Ndiyo maana ingalfing ya katikati hunyonya akaunti polepole, pipu 30 leo, pipu 35 kesho, na mwenyewe haelewi kwa nini, kwa sababu kila mara "ilikuwa ingalfing kali".

Ukitaka kuona moja iliyokuwa mahali pake, rudi kwenye EUR/USD ya mwaka 2022, chati ya siku, D1. Februari mwaka huo euro ilikuwa imekaribia dola 1.15. Vita vya Ukraine vikaanza, bei ya gesi Ulaya ikapaa, na Benki Kuu ya Marekani ikawa inapandisha riba kwa kasi. Euro ikashuka mwezi baada ya mwezi. Julai ikawa sawa kwa sawa na dola kwa mara ya kwanza tangu 2002. Katikati ya Julai iligusa karibu 0.995, ikageuka, ikapanda hadi karibu 1.037 mwezi wa Agosti, na watu wengi wakasema basi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Iliporomoka tena na kupita pale chini. Hilo lenyewe ni somo: mgeuko ulikuwa wa kweli na ulilipa kwa wiki kadhaa, lakini ulikuwa ukienda kinyume na mto mzima.

Kisha ikafika Septemba. Tarehe 27 ilikuwa siku ndogo nyekundu, iliyofunguliwa karibu 0.961 na kufungwa karibu 0.959. Tarehe 28 bei iliendelea kushuka kwanza, hadi karibu 0.954, chini kabisa katika miaka 20. Siku hiyo hiyo Benki Kuu ya Uingereza ilitangaza itanunua dhamana za serikali za muda mrefu, kwa sababu bajeti ya Uingereza ya siku chache nyuma ilikuwa imeliyumbisha soko la dhamana na kuibana mifuko ya pensheni. Riba za dhamana zikashuka, dola ikalegea dhidi ya sarafu nyingi, na euro ikapanda mpaka ikafungwa juu ya 0.973. Mwili wa kijani wa siku hiyo ulikuwa umeumeza ule mwekundu wa jana mara kadhaa.

Tazama kilichokuwa upande wa kushoto. Miezi saba ya kushuka, wauzaji waliojaa faida, na bei iliyosukumwa hadi mahali ambapo wengi wao hawakuwahi kuiona maishani mwao. Halafu siku moja wanaisukuma chini zaidi na inawarukia. Ule ununuzi wa kulazimishwa niliousema kwenye hama, hapa ulikuwa wa kiwango cha dunia. Ile 0.954 haikuvunjwa tena mwaka huo, na mwanzoni mwa Februari 2023 euro ilikuwa juu ya 1.10.

Lakini usije ukafikiri kwamba ilikuwa mteremko. Wiki ya kwanza ya Oktoba euro ilikaribia tena dola moja kamili, kisha tarehe 13 Oktoba, siku ya takwimu za mfumuko wa bei Marekani, ilirudi chini hadi karibu 0.963. Aliyenunua kwenye kufungwa kwa ile ingalfing na kuweka stopu karibu, pipu 50 tu chini yake, alitolewa siku hiyo kama si mapema zaidi. Aliyeiweka chini ya 0.954, pale ambapo hadithi ingekuwa imeisha kweli, alibaki. Huyo wa pili alihitaji stopu ya karibu pipu 200, kwa hiyo loti yake ilibidi iwe ndogo mara nne. Mahali pazuri hapakuondolei hatari. Panakuonyesha tu ni wapi utakuwa umekosea, na kutoka hapo unajua uweke kiasi gani.

Doji ndiyo niliyoiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayotegemea zaidi majirani zake. Hama ina utambi, ingalfing ina mwili, angalau kuna kitu kilichotokea. Doji inasema tu kwamba kipindi kiliisha walipoanzia. Maana yake yote iko kwenye kulinganisha. Kama mishumaa mitano iliyotangulia ilikuwa mirefu ya kijani, kila mmoja pipu 40, halafu inakuja doji kwenye dari ya wiki iliyopita, hapo kuna jambo: wanunuzi waliokuwa wakishinda kwa urahisi sasa wamepata mtu wa kulingana naye. Haisemi bei itashuka. Inasema mwendo umekatika, na mshumaa ufuatao ndio utakaosema kama umekatika kwa kupumua au kwa kufa. Mwenye biashara ya kununua anaweza kupunguza nusu hapo. Mwenye hamu ya kuuza angoje doji ivunjwe chini.

Sasa fungua M5 ya EUR/USD saa nane usiku kwa saa za Nairobi. Marekani wamefunga, London wamelala, Tokyo ndiyo kwanza inanyoosha mikono. Utahesabu doji mpaka uchoke. Mishumaa yote ni ya pipu mbili tatu, kwa hiyo kufungwa palepale ulipofunguliwa si habari. Ni kama matatu ya saa kumi alfajiri iliyosimama steji bila abiria. Huwezi kusema abiria na makanga wameshindwa kuelewana nauli. Hakuna abiria.

Na kuna doji zingine hazikutengenezwa na soko hata kidogo. Zimetengenezwa na saa ya broka. Siku ya sarafu huhesabiwa kuwa imeisha saa kumi na moja jioni New York, ambayo Nairobi ni saa sita usiku wakati Wamarekani wako kwenye saa zao za kiangazi, na saa saba usiku wakati mwingine wa mwaka. Broka wengi wameweka saa ya seva ifuate hiyo. Lakini wako walioiweka tofauti, na kwao soko likifunguliwa usiku wa Jumapili, zile saa chache za mwanzo hupewa mshumaa wao wenyewe wa siku. Ni kadogo, hakana mwili, na kwenye chati ya D1 kanaonekana kama doji ya maana kabisa kati ya Ijumaa na Jumatatu. Mwenye broka mwingine haioni kabisa, kwa sababu haipo. Ukitaka kujua kama yako ni ya aina hiyo, hesabu mishumaa ya wiki moja. Ikiwa mitano, uko sawa. Ikiwa sita, usisome doji yoyote ya mwanzo wa wiki.

Saa hiyo hiyo inaweza kubadilisha jina la mfumo mzima. Chukua nusu saa mbili. Ya kwanza nyekundu: imefunguliwa 1.0870, imefungwa 1.0855. Ya pili ya kijani: imefunguliwa hapo hapo 1.0855, imeshuka hadi 1.0850, kisha imefungwa 1.0873. Mtu wa M30 anaona ingalfing. Mtu wa H1 anaona mshumaa mmoja uliofunguliwa 1.0870, ukashuka hadi 1.0850 na kufungwa 1.0873. Hiyo ni hama. Biashara zilizofanyika ni zile zile, pesa ni ile ile, watu ni wale wale. Kilichotofautiana ni mahali kisu cha saa kilipokata. Ndiyo maana watu wawili wakibishana kwenye grupu kama ni ingalfing au ni hama, mimi huona wote wawili wanabishania kisu. Kitu kisichobadilika kwa wote wawili ni kwamba bei ilishuka hadi 1.0850, ikakataliwa, na ikarudi. Swali linalobaki ni kama 1.0850 palikuwa mahali pa maana, na bei ilifika hapo ikitoka wapi.

Kwa sababu hiyo nimeacha kuandika majina ya mishumaa kwenye kijitabu changu. Zamani safu ya kwanza ilisema "mfumo", na mtu alijaza neno moja. Sasa kila biashara ninaianza kwa sentensi yenye vipande vinne, na kipande kimoja kikikosekana sibonyezi kitu. Kipande cha kwanza ni bei ilikuwa inafanya nini, kwenye chati iliyo hatua moja au mbili juu ya ninayotredi. Cha pili ni imesimama wapi: sakafu au dari gani, na iliguswa lini. Cha tatu ni nani amebanwa. Cha nne ni mshumaa ufuatao ulifungwa wapi, maana nimejipa sheria ya kutoingia kabla haujafungwa, hata kama kungoja kutanigharimu pipu tano sita.

Wiki iliyopita niliandika hivi: "Imeshuka siku nne kwenye H4. Imefika kwenye sakafu ya mwezi uliopita, imetoboa pipu 9, ikarudi juu kabla ya kufungwa. Waliouza kwenye kutoboa wamebanwa. Mshumaa uliofuata umefungwa juu ya mwili." Hiyo nilinunua, loti ndogo, stopu chini ya utambi. Chini yake, siku hiyo hiyo, kuna nyingine: "Hama nzuri sana. Katikati." Hapo hakuna bei, hakuna loti, hakuna stopu. Nilifunga laptopu nikaenda kupika.